Mistari Ikibanana, Mlima Umesimama

Kiangazi kinapokolea, maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa mji wa Moshi, hushuka. Hushuka sawasawa pande zote, kwa kuwa maji hayana upendeleo: yakipungua mita moja upande huu, na upande wa pili yamepungua mita moja. Hata hivyo, anayezunguka kando ya bwawa lolote wakati kama huo huona mambo mawili tofauti kabisa. Penye ufuko tambarare maji yamerudi mbali na kuacha uwanja wa matope yaliyopasukapasuka, na mvuvi analazimika kuburuta mtumbwi wake kitambo kirefu kabla haujaelea. Penye ukingo wa mawe, kilichobaki ni alama nyembamba tu ukutani, pahala pa kuruka mara moja.

Mita ni ile ile. Ardhi inayoinama mita 2 kwa kila mita 100 za mwendo, maji yakishuka mita moja, hufunua ukanda wa mita 50. Ukingo unaoinama mita 50 kwa kila mita 100 hufunua mita 2 basi.

Anayeelewa jambo hilo ameshaelewa kontua. Ukingo wa maji yaliyotulia ni mstari unaopita mahali pote penye kimo kimoja, na hiyo ndiyo kazi ya kila mstari wa kontua kwenye ramani: kuunganisha sehemu zote zilizo juu ya usawa wa bahari kwa kiasi kimoja. Ukipata mstari wa mita 2,000 na ukaufuata kwa kidole, unaweza kuzunguka mlima mzima bila kupanda wala kushuka. Mstari wa mita 2,020 upo juu yake, wa 2,040 unafuata, na hivyo hivyo hadi kileleni. Tofauti ya kimo kutoka mstari hadi mstari haibadiliki katika karatasi nzima. Kinachobadilika ni nafasi iliyopo kati yao, na ndani ya nafasi hiyo ndimo mteremko ulimojificha.

Wazo hili lilishika kasi kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1774 mnajimu wa mfalme wa Uingereza, Nevil Maskelyne, alipiga kambi kwenye mlima Schiehallion huko Uskochi akitaka kujua uzito wa dunia. Alipima jinsi mlima ule ulivyoivuta timazi kutoka kwenye wima wake. Ili hesabu ikamilike, ilibidi ijulikane mlima wenyewe una ukubwa gani na umekaaje, na kazi hiyo alipewa mwanahisabati Charles Hutton. Hutton alikuwa na karatasi iliyojaa namba za vimo kila upande, fujo tupu isiyosomeka. Akaamua kuunganisha kwa mistari namba zilizolingana, na mara umbo la mlima likajitokeza. Watu wengine, hasa Waholanzi, walikuwa wameshaitumia mistari ya namna hiyo kuonyesha kina cha maji, lakini tangu Hutton alipochapisha hesabu zake mwaka 1778 mlima nao ulikuwa umepata lugha yake ya karatasi.

Turudi Kilimanjaro, kwa kuwa hakuna mlima katika Afrika unaofundisha somo hili vizuri zaidi. Ramani ambazo wanafunzi wa sekondari wa Tanzania na Kenya huzitumia kwenye mitihani ya jiografia, na ambazo wapimaji, wahandisi na waongoza wageni huzifahamu, aghalabu zimechorwa kwa skeli ya 1:50,000. Maana yake ni kwamba milimita moja ya karatasi ni mita 50 za ardhi, na sentimita mbili ni kilomita nzima. Nyingi ya ramani hizo zina kontua kila mita 20. Kila mstari wa tano umechorwa mnene na kuandikwa kimo chake, ili jicho lisipotee. Kutoka mstari mnene hadi mnene mwingine ni mita 100.

Kwa vipimo hivyo viwili tu, mtu anaweza kujitengenezea kanuni ya kichwani. Pengo kati ya mistari miwili likiwa milimita 1, mtu anapanda mita 20 ndani ya mita 50 za mwendo wa tambarare, yaani asilimia 40. Likiwa milimita 2, anapanda mita 20 hizo hizo ndani ya mita 100, asilimia 20. Milimita 4 ni asilimia 10. Kwa kifupi, chukua 40, igawe kwa milimita ulizopima, jibu ni mteremko kwa asilimia. Wanaopenda digrii wakumbuke tu kwamba asilimia 100 si ukuta uliosimama wima bali ni digrii 45, na kwamba asilimia 40 ni karibu digrii 22.

Sasa ipimwe njia ya Marangu, ile kongwe yenye vibanda vya kulala. Lango lipo kama mita 1,870 juu ya usawa wa bahari. Kibanda cha Mandara kipo kama mita 2,720, Horombo 3,720, na Kibo 4,720. Kutoka Kibo mpanda mlima anaelekea Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, kama mita 5,680. Ukitazama namba hizo utaona jambo: kila sehemu ya safari inapanda karibu kiasi kile kile. Ya kwanza mita 850, ya pili 1,000, ya tatu 1,000, ya nne 960. Kwa anayesoma vimo pekee, hakuna sababu ya kuiogopa sehemu ya nne kuliko nyingine.

Ramani inasema vingine. Kutoka Mandara hadi Horombo, njia ina urefu wa kama kilomita 11. Kwenye karatasi ni sentimita 22, na ndani yake njia inakata mistari 50. Wastani wa pengo ni milimita nne na kitu, kwa hiyo njia inapanda kwa asilimia 9 hivi. Mtu mwenye afya anaweza kutembea huku akipiga soga. Kutoka Horombo hadi Kibo ni karibu kilomita 10, mistari 50 tena, asilimia 10 kwa wastani. Kutoka kibanda cha Kibo hadi Gilman's Point, ukipima kwa rula moja kwa moja kwenye ramani, ni kilomita mbili na kidogo tu: sentimita nne na nusu za karatasi. Lakini mistari ni 48. Mistari ile iliyotandazwa kwa sentimita zaidi ya 20 hapo chini, hapa imeshindiliwa kwenye upana wa vidole vitatu.

Pengo limekuwa chini kidogo ya milimita 1, na mteremko zaidi ya asilimia 40. Umepanda zaidi ya mara nne, na hakuna aliyehitaji kufika huko ili ajue.

Wastani, hata hivyo, ni kitu cha kuangaliwa kwa jicho la pili. Asilimia 10 ya Horombo hadi Kibo haimaanishi kwamba njia inapanda hivyo mwendo wote. Katikati ya safari hiyo kuna lile bonde pana la juu, kati ya Kibo na Mawenzi, nchi kavu ya mchanga na mawe ambapo upepo hauna wa kuuzuia. Kwenye ramani, bonde hilo linatambulika mara moja kwa sababu karatasi inakuwa nyeupe: mistari imepungua, mmoja hapa, mwingine kule. Kwa hiyo mistari mingi ya zile 50 imekaa kabla ya bonde na baada yake. Anayetaka kujua atachoka wapi asigawe jumla kwa jumla. Apime kipande kwa kipande, kutoka mstari mnene hadi mnene, na kwa kila kipande agawe 200 kwa milimita alizopata, kwa kuwa sasa kila pengo linabeba mita 100.

Kupima kutoka mstari mnene hadi mnene kuna faida nyingine, na hapa ndipo wengi huteleza. Uhusiano kati ya pengo na mteremko hauendi kwa hatua zinazolingana. Penye mapengo mapana, mtu akikosea nusu milimita si kitu: kati ya milimita 8 na 8.5 mteremko unabaki karibu asilimia 5. Penye mapengo membamba, nusu milimita ni balaa. Pengo la milimita 1 ni asilimia 40. La nusu milimita ni asilimia 80, karibu digrii 39. Unene wa wino peke yake unatosha kuharibu kipimo. Kwa hiyo mahali ambapo mteremko ni mkali, na ambapo mtu anahitaji zaidi kuujua kwa uhakika, ndipo rula inapodanganya zaidi akipima pengo moja moja. Apime mapengo matano au kumi kwa pamoja, kisha agawe.

Nusu milimita hiyo ina siri nyingine. Mteremko wa mwisho wa kwenda Gilman's Point ni wa kokoto na majivu ya volkano, laini kiasi kwamba kila hatua inarudi nyuma kidogo. Waongozaji huwaamsha wageni usiku wa manane, na moja ya sababu wanazozitoa ni kwamba baridi hugandisha kokoto hizo zikashika. Kokoto zilizolegea, za huko au za kwenye lori la mchanga, haziwezi kukaa kwenye mteremko wowote zinaoutaka. Zikizidi kama digrii 35 hivi, zinaporomoka zenyewe. Kwenye ramani ya 1:50,000 yenye kontua za mita 20, digrii 35 ni pengo la zaidi kidogo ya nusu milimita. Basi ukiona mistari imebanana kuliko hapo, zaidi ya miwili ndani ya milimita moja, ujue kokoto haziwezi kukaa. Kilichopo ni mwamba. Ramani haikuchora jiwe hata moja, na bado imekwambia utakanyaga nini.

Mawenzi ni hivyo karibu mwili mzima. Kilele chake cha mita 5,149 kimezungukwa na mistari iliyobanana mpaka inafanya doa jeusi, na ndiyo maana makundi ya watalii hupita chini yake, yakaelekea Kibo ambayo ni ndefu zaidi lakini ina upande wenye huruma.

Mpaka hapa rula imepita moja kwa moja, kana kwamba mtu anapanda kama maji yanavyoshuka. Watu hawapandi hivyo. Juu ya pango la Hans Meyer, kwenye kama mita 5,150, njia ya Marangu huanza kujipinda kushoto na kulia, kona baada ya kona. Mlima haujapungua ukali; njia ndiyo imebadili namna ya kuikata mistari. Njia inayokata kontua kwa msalaba inapanda kwa ukali wote wa mteremko. Inayozikata kwa mshazari inapanda polepole zaidi, kwa sababu kutoka mstari mmoja hadi mwingine inatembea mbali zaidi. Ikirefuka mara mbili, ukali anaousikia mpandaji kwenye miguu unashuka nusu: asilimia 40 za mlima zinakuwa asilimia 20 za njia. Kwa hiyo maswali ni mawili na yasichanganywe. Mlima umesimama kiasi gani? Hilo hujibiwa kwa pengo fupi kabisa kati ya mistari. Njia yangu inapanda kiasi gani? Hilo hujibiwa kwa urefu wa njia kati ya mistari ile ile.

Wachagga walilijua la pili zamani, kabla mpimaji yeyote hajafika na kamba zake. Mifongo, yaani mifereji inayochota maji kwenye vijito vya msituni na kuyapeleka kwenye vihamba vya migomba na kahawa, hukata ubavu wa mlima karibu sambamba na kontua. Mfongo ukishuka kwa kasi, maji yatakula kingo na kuuchimba mpaka uwe korongo. Ukienda sambamba kabisa, maji yatasimama na tope litaujaza. Kwa hiyo huchimbwa ukishuka kwa kiasi kidogo mno, mwinamo ambao jicho la mgeni haliuoni, na wachimbaji wake waliwajaribu maji wenyewe wawe mashahidi: wanachimba kipande, wanafungulia, wanatazama. Ukiuchora mfongo kwenye ramani utauona unaandamana na mstari wa kontua kwa mwendo mrefu, kisha kwa mbali sana unauvuka.

Juu ya mifongo, kontua za upande wa kusini wa Kilimanjaro zinaacha kuwa mistari ya kupinda taratibu na kuwa kama meno ya msumeno. Hayo ni mabonde ya mito. Kila mstari unapolifikia bonde huingia ndani kuelekea mlimani, ukavuka mto, kisha ukatoka tena. Ncha ya kila jino huelekea mto unakotoka. Anayechanganya bonde na mgongo wa kilima atazame hapo. Ncha ikielekea juu, ni bonde. Ikielekea chini, ni mgongo.

Kuna mahali ambapo ujuzi huu wote unagonga mwamba, na kwa Kilimanjaro mahali hapo pana jina. Njia ya Machame, ikitokea magharibi, hukutana na Ukuta wa Barranco, jabali la kama mita 250 ambalo wageni hulitazama kutoka kambini jioni na kukosa usingizi. Kwenye ramani, mistari kumi na miwili au zaidi imelaliana pale hadi haihesabiki. Kanuni ya 40 haina la kusema, na mchora ramani mwenyewe katika mahali kama hapo hubakiza mistari minene tu au huchora alama ya genge. Anayesoma ramani peke yake angeamua kwamba hapo hapapitiki bila kamba.

Kumbe asubuhi watu wanapita, maelfu kwa msimu, na wapagazi wenye mizigo kichwani wakiwatangulia. Wanatumia mikono kushika mawe hapa na pale, lakini hawatumii kamba. Siri ni kwamba ukuta ule una vidato na rafu za mawe, na kila kimoja ni kifupi kuliko mita 20. Kontua haikioni kitu kilichosimama kati ya mstari na mstari. Inajua mteremko ulianzia hapa na ukafika pale; ulivyofika, kwa ngazi au kwa ubapa, haijui.

Kasoro hiyo hiyo hugeuka hatari upande wa pili. Genge la mita 15 linaweza kukaa katikati ya mistari miwili iliyoachana vizuri, milimita tatu nzima, na ramani ikaonyesha mteremko wa asilimia 13 unaofaa hata kwa baiskeli. Mpimaji wa barabara analijua hili, ndiyo maana haishii ofisini. Ramani humwonyesha wapi asihangaike kwenda. Pale panapobaki, anakwenda na vifaa vyake.

Mahali pengine pa kudanganyika ni ukingoni juu kabisa. Kibo ina kreta pana, zaidi ya kilomita mbili kutoka ukingo hadi ukingo, na ndani yake kuna kreta nyingine ndogo iitwayo Reusch, yenye shimo la majivu katikati. Mistari inayolizunguka shimo hilo inafanya duara ndani ya duara, vile vile kama kilele kinavyofanya. Asiye na uzoefu atadhani mlima unaendelea kupanda. Ili kumwokoa, wachora ramani huipa mistari ya shimo vijino vidogo vinavyoelekea ndani, upande unaoshuka. Vijino ni vidogo, na kwenye nakala iliyochakaa hufutika kwanza. Dawa ni kusoma namba za mistari minene pande zote mbili na kuangalia zinapanda au zinashuka.

Je, mistari yenyewe inatoka wapi? Hakuna aliyezunguka Kilimanjaro na chupa ya rangi akiweka alama kila mita 20. Ramani nyingi za 1:50,000 za Afrika Mashariki zilichorwa kwa picha za ndege, kazi ambayo kwa miaka mingi ilifanywa na idara ya upimaji ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya makoloni, na ikaendelea kushirikiana na idara za ramani za nchi zetu baada ya uhuru. Picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa ndege ikiwa imesogea kidogo, huwekwa kwenye mashine, na mchoraji huzitazama kila jicho na picha yake. Mlima huinuka mbele yake. Ndani ya picha hiyo huona nukta ndogo. Anaifunga nukta kwenye kimo kimoja, tuseme mita 2,400, kisha anaisogeza huku akihakikisha wakati wote imegusa ardhi, haielei wala haijazama. Kalamu iliyounganishwa na mashine inachora pale nukta inapopita. Hiyo ni kontua ya mita 2,400. Akimaliza anapandisha nukta mita 20, anaanza upya.

Tatizo ni msitu. Kilimanjaro imefungwa mkanda wa msitu mnene unaoanzia karibu na lango la Marangu na kuishia juu kidogo ya Mandara. Mle ndani mchoraji haoni ardhi, anaona vichwa vya miti, na inambidi akisie urefu wa miti aupunguze. Vipimo vya satelaiti vya siku hizi havijaepuka hilo. Data iliyokusanywa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, ambayo bado inalisha ramani nyingi za kwenye simu, ilipatikana kwa rada ambayo kwa sehemu kubwa hurudishwa na majani na matawi kabla haijafika chini. Matokeo yake ni kwamba msitu unapoishia ghafla na shamba likaanza, ramani inaweza kuonyesha kidato cha mita kadhaa ambacho ardhini hakipo. Mtu akiona mistari imebanana kwenye mstari mmoja ulionyooka, sambamba kabisa na mpaka wa msitu, awe na shaka: mlima haujui mpaka wa hifadhi.

Ukitazama kontua za Kibo kwa ujumla, kuanzia mashamba ya chini hadi ukingoni, zinaonyesha mpango mmoja: zimeachana chini, zinakaribiana kadiri zinavyopanda, zinabanana karibu na kilele. Mlima wa namna hiyo una mbonyeo, na ndiyo sababu mtu aliye Moshi, siku isiyo na mawingu, anaona theluji moja kwa moja kutoka barazani kwake. Kilima chenye mpango wa kinyume, mistari ikibanana chini na kuachana juu, kina tumbo. Aliye chini yake haoni kilele, na aliye juu haoni mteremko mkali uliopo mbele ya miguu yake mpaka aufikie. Kwa dereva na kwa mtembezi anayeshuka, hicho cha pili ni kibaya zaidi, hata kama wastani wao ni mmoja.

Baada ya yote hayo, makosa mengi ya kusoma mteremko hayatokani na mlima. Yanatokana na karatasi. Zipo ramani za zamani ambazo kontua zake ni za futi, kila 50 au kila 100, na futi 100 ni kama mita 30 na nusu. Anayetumia kanuni ya 40 kwenye zile za kila futi 100 ataona mlima mpole kuliko ulivyo. Kwenye simu mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa programu nyingi hubadili hatua ya kontua unapokuza au kupunguza picha: mistari iliyokuwa ya kila mita 100 inakuwa ya kila mita 20 bila kukuaga, na mteremko mpole unaonekana umesimama ghafla. Soma namba za mistari miwili jirani kila unapogusa kioo.

La mwisho liwaendee walimu wa jiografia hasa. Ramani ikitolewa fotokopi na kupunguzwa ili itoshe kwenye karatasi ya mtihani, maandishi ya 1:50,000 yanabaki pale pale chini, lakini si kweli tena. Ikipunguzwa nusu, kila pengo la milimita 2 linakuwa milimita 1, na mwanafunzi anayetumia namba iliyoandikwa ataukuza mteremko mara mbili na kupata sifuri akiwa amepima kwa uangalifu. Kitu pekee kinachopungua pamoja na ramani ni ile skeli ya mstari, rula iliyochorwa yenye kilomita zake. Mfundisheni mwanafunzi achukue kipande cha karatasi, aweke alama kwenye pengo analolitaka, akilinganishe na rula hiyo, ndipo agawe.